Tupeane uzoefu: Kutoka kwenye taimushea ambayo ada ya mwaka haiachi kupanda

BiTatu_Ohio
Habari zenu wanajamvi. Kila ikifika Januari, bili zinapotoka, napata ujumbe wa faragha kutoka kwa Watanzania na Wakenya wa huku Marekani wakiuliza tulivyotoka kwenye taimushea yetu. Naona bora nieleze hapa, na wengine waongeze yao.

Mimi na mzee wangu tulinunua wiki moja, yaani haki ya kukaa humo wiki moja kila mwaka, kwenye rizoti karibu na Orlando mwaka 2009. Ada ya matengenezo ilianza dola 610 kwa mwaka. Baada ya kimbunga Irma cha 2017 tukatozwa mchango wa ziada wa dola 450 wa kukarabati mapaa, na kufikia 2023 ada peke yake ilikuwa dola 1,240. Mkopo wa kununulia tulishaumaliza, lakini wiki yetu ilikuwa ya hati, tunaimiliki kama nyumba, kwa hiyo bili ilikuwa haina mwisho.

Kampuni moja ya "kuwatoa watu" ilitaka dola 4,800 kabla ya kufanya lolote. Tulikataa. Tukaipigia rizoti yenyewe. Wauzaji walituambia hakuna njia ya kurudisha, ila tunaweza kubadilisha wiki iwe pointi za kuwekea nafasi kwa malipo kidogo. Msiwasikilize hao, kazi yao ni kuuza. Tuliomba idara ya huduma za wamiliki, kisha tukawaandikia tukiuliza kama wana mpango wa kupokea hati. Kumbe upo. Masharti: mkopo uwe umekwisha, ada ya mwaka huo iwe imelipwa, na kila mwenye jina kwenye hati asaini mbele ya notari. Tulilipa ada ndogo ya kuandikisha, basi.

Januari iliyofuata bili ikaja tena! Nikaingia kwenye kumbukumbu za kaunti ya Orange mtandaoni, nikatafuta jina letu, nikakuta hati mpya imeandikishwa. Nikawatumia nakala ya ukurasa huo, bili ikafutwa. Nanyi mmetokaje?

FundiWaHati
Dada umeeleza vizuri. Mimi kazi yangu ni kuhamisha hati hapa Florida, na hapo kwenye kumbukumbu za kaunti ndipo watu wengi wanaishia njiani. Mtu anasaini, anaona amemaliza, kumbe karatasi imekaa kwenye meza ya mtu. Mpaka hati ipate namba ya kuandikishwa, kwenye kumbukumbu wewe bado ni mmiliki na bili ya ada inakuja kwako. Tena omba barua kutoka rizoti inayosema hudaiwi chochote. Hati inaonyesha umiliki umehama, ila haifuti deni la nyuma.

Jihadharini pia na anayesema atachukua wiki yako na kuihamishia kwenye kampuni yake kwa ada. Kuna waliofanya hivyo, kampuni ikawa ganda tupu isiyolipa chochote, na rizoti ikarudi kumtafuta mmiliki wa zamani.

Na kwa nini ada inapanda? Majengo yanazeeka na bima ya Florida imepanda sana, lakini kuna jambo watu hawaambiwi: wamiliki wanaoacha kulipa, pengo lao linagawanywa kwa waliobaki. Rizoti yenye wadaiwa wengi, ada yake hukimbia. Kwenye mkutano wa mwaka ombeni bajeti na mtazame mstari wa madeni yasiyolipika.

BabaNeema
Mnajisumbua bure. Mimi niliacha kulipa, wakatuma barua nyingi, mwisho wakaichukua wenyewe. Sikutoa hata senti.

FundiWaHati
Mzee wangu, nusu yake ni kweli. Florida ina utaratibu wa kuchukua taimushea kupitia mdhamini bila kwenda mahakamani, na ukipita hivyo bila wewe kupinga hawawezi kukudai salio lililobaki. Lakini rizoti ndiyo inayochagua njia, si wewe. Inaweza kukupeleka kwa wakusanya madeni kwanza, na rekodi yako ya mikopo ikaharibika kwa miaka. Ulikuwa na mkopo wa nyumba wakati ule?

BabaNeema
Hapana, nilikuwa napanga. Kununua nyumba baadaye kulinisumbua kidogo, sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Mpwani_254
Jamani mie niko Mombasa. Nilijiunga na klabu ya likizo kwenye promosheni ya dukani, nikaambiwa nimeshinda usiku mbili Diani. Ada ya mwaka imepanda kila mwaka, na nikitaka kuweka nafasi Disemba wanasema kumejaa. Nataka ada zangu zote nilizolipa zirudi. Nianzie kaunti gani?

BiTatu_Ohio
Pole sana kaka yangu. Wewe huna hati ya kaunti, una uanachama tu, kwa hiyo hili la kuandikisha halikuhusu. Soma mkataba wako kuna kipengele cha kujitoa na taarifa ya muda gani, kisha uandike barua, si kupiga simu. Nijuavyo, Sheria ya Kulinda Mtumiaji ya Kenya ya 2012 inataja mikataba ya taimushea kwa jina. Mpelekee wakili mkataba aangalie kama wako unaingia humo. Kurudishiwa za nyuma ni vita tofauti na kusimamisha za mbele. Mimi ningeanza na za mbele.

Salma_Leicester
Sisi yetu ilikuwa Tenerife, tulisaini 2006, mkataba wa milele. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Hispania iliamua kuwa mikataba ya baada ya sheria yao ya taimushea ya 1998 inayopita miaka 50 ni batili. Tukashtaki, tukashinda kwa karatasi. Tatizo kampuni iliyotuuzia imefilisika, hukumu tunayo na pesa hatujaona. Ada hatulipi tena, hilo angalau. Tangu hapo napigiwa simu na watu wanaojiita mawakili wanaojua kiasi chetu hadi senti, wanataka "kodi ya mahakama" kwanza. Sijui wamepata wapi taarifa zetu.

FundiWaHati
Usitume, dada. Huku Marekani FBI imeonya juu ya mchezo huohuo kwa wenye taimushea za Meksiko: mnunuzi yupo tayari, lipa kodi kwanza. Ukilipa, inatokea kodi nyingine.

Juma_mgeni
Sisi tumetoka Orlando Jumamosi, tumesaini baada ya kile kifungua kinywa cha bure. Mke wangu halali. Tumechelewa?

FundiWaHati
Hujachelewa! Florida una siku 10 za kalenda tangu kusaini au tangu kupokea karatasi ya mwisho, ipi iliyo ya baadaye, na haki hiyo huwezi kuisaini iondoke hata kama muuzaji alikuambia hivyo. Ungekuwa Nevada ni siku 5 tu. Andika leo: majina yenu wote wawili, namba ya mkataba, tarehe, "tunafuta mkataba huu", saini zenu. Tuma kwa posta yenye kumbukumbu kwenye anwani ya kufuta iliyo ndani ya mkataba, si ya ofisi ya mauzo. Muhuri wa posta ndio unaohesabika, si siku itakayofika. Risiti itunze. Wakipiga simu kukubembeleza, usijadili.

Juma_mgeni
Anwani nimeiona, ukurasa wa nyuma kabisa, maandishi madogo. Tunakwenda posta sasa hivi.

NeemaK
Na kama mwenye hati amefariki? Baba ametuachia moja, na mdogo wangu keshaweka nafasi ya Julai.

FundiWaHati
Afute hiyo nafasi kwanza. Mrithi anaweza kukataa urithi rasmi kwa maandishi, lakini akishatumia wiki, inahesabika ameukubali. Taja jimbo alilokuwa akiishi mzee, na kama mirathi imeshafunguliwa.