Wamenifukuza kazi, nimewashinda, halafu yule mhasibu ananiambia HONGERA

Dada wa Makorora:
Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, mkikuta herufi zimepishana msinisahihishe. Yule mhasibu mnamjua nyote. Yule wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika.

Walinifukuza bila kikao, nikaenda CMA, ile tume inayoamua migogoro ya kazi, nikashinda. Tuzo: mishahara ya miezi 12. Mshahara wangu ulikuwa milioni moja kamili, kwa hiyo milioni 12. Leo nafuata hundi, nakuta 8,572,000. Nauliza nyingine ziko wapi, ananigeuzia karatasi: PAYE 3,428,000. Halafu anatabasamu mpaka jino la mwisho: "Hongera dada, mwezi huu umelipwa vizuri."

HONGERA! Mwezi huu! Mtu nimeshindia muhogo mpaka mwenye genge ananiita shemeji, leo nimelipwa vizuri!

Ngosha Mtulivu:
Umeibiwa mchana kweupe. Fidia haikatwi kodi hata senti. Shangazi yangu aligongwa na lori, bima ikamlipa zote.

Kijana wa Ngamiani:
8,572,000 na unalia? Dada nikopeshe laki mbili, mwisho wa mwezi narudisha.

Dada wa Makorora:
Mwombe mhasibu, si amesema nimelipwa vizuri. Hongera! Na mlinzi getini alisikia.

Karani Mstaafu:
Ngosha, shangazi yako alilipwa kwa ajili ya mguu, na mguu haukuwa mshahara. Fidia inafuata kile inachokiziba. Hii ya dada inaziba ajira, na Sheria ya Kodi ya Mapato inataja waziwazi malipo ya kupoteza ajira kuwa ni mapato ya ajira. Kukatwa atakatwa tu.

Ila hesabu yenyewe naiona ina walakini. Amezichukua milioni 12 zote kama mshahara wa mwezi mmoja. Milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na zile 11 zilizobaki zote zimeangukia asilimia 30, yaani 3,300,000. Jumlisha, ndiyo hiyo 3,428,000. Lakini ngazi za kodi ni za mwaka, hizi za mwezi ni mgawanyo wake tu. Kama mwaka huu hukupata kipato kingine, milioni 12 kwa mwaka ni sawa na milioni moja kila mwezi: 128,000 mara 12, unapata 1,536,000. Tofauti ni 1,892,000. Je, mwaka huu umefanya kazi popote?

Dada wa Makorora:
Kazi gani mzee wangu, nimeuza maandazi nikayala mwenyewe. Kwa hiyo ile hongera ilikuwa ya 1,892,000 zangu?

Karani Mstaafu:
Waandikie barua, uambatishe tuzo na hiyo karatasi, wapige hesabu upya. Wakikwambia kodi wameshaipeleka TRA, dai wakupe uthibitisho wa kuilipa. Bila huo huna pa kuanzia kudai marejesho.

Kijana wa Ngamiani:
Marejesho TRA? Wajukuu watakula.

Mbeba Boksi:
Huku Marekani nilivunjwa mkono na lori. Pesa ya mkono na maumivu yake haikuguswa. Lakini kuna nyingine mahakama iliwatwisha wenye lori kama adhabu, hiyo nikaitolea kodi. Na wakili alikuwa ameshakula theluthi yake.

Ngosha Mtulivu:
Theluthi?! Wa kwangu alichukua nusu, na nauli ya kuja mahakamani nikamlipia mimi.

Dada wa Makorora:
Jamani turudini kwenye HONGERA.

Mama Vitenge:
Mimi duka liliungua, bima ikalipa thamani ya mzigo. Mwaka ulipofungwa naambiwa hayo ni mapato ya biashara. Moto nao ni mteja?

Karani Mstaafu:
Mama, ule mzigo uliununua ukauweka kwenye gharama zako. Bima ikiurudisha, inasimama mahali pa mauzo. Yasingehesabiwa hivyo, ungekuwa umepunguziwa kodi kwa hasara ambayo umeshalipwa.

Mama Vitenge:
Sawa, lakini gharama si zote zilirudi! Mthamini wa bima alisema vitenge vilivyolowa maji ya zimamoto si vya kuhesabu, nivianike nikauze.

Ngosha Mtulivu:
Wathamini hao! Wangu aliangalia gari lililobiringika akaandika "mikwaruzo".

Kijana wa Ngamiani:
Mama Vitenge, hivyo vya kuanikwa bado vipo? Doti shilingi ngapi?