Majibu ya FBP ukishapesti: Text to Columns, Notepad++ au kuandika kwa mkono?

mama_pili_kasulu
Habari zenu. Mama yangu anapimwa damu kila mwezi, majibu natumiwa wasap kwa PDF, nakopi napesti kwenye Excel nione mwezi kwa mwezi anaendaje. Shida kila mstari unaingia kolamu moja. Ya juzi ilikuja hivi:

```
WBC 3.2 L 10^3/uL 4.0-11.0
HGB 9.8 L g/dL 12.0-16.0
PLT 180 10^3/uL 150-400
EOS 4 % 1-6
```

Nataka kipimo, namba, yuniti na renji kila kimoja na kolamu yake. Nyie mnatumia njia gani? Mpaka sasa naandika kwa mkono na mwezi uliopita HGB nikaandika 8.9, siku nzima nina wasiwasi kumbe nimegeuza tarakimu.

dagaa_ujiji
Dada hiyo kazi ndogo. Chagua kolamu, nenda Data, Text to Columns, Delimited, weka tiki kwenye Space, kwisha. Mimi hesabu za mzigo wangu wa dagaa zote nakata hivyo.

mzee_wa_regex_tabora
Ndugu yangu mzigo wa dagaa kila mstari una vipande sawa, majibu ya maabara hayako hivyo. Angalia WBC na HGB, zina ile L ya kuonyesha iko chini ya renji, PLT na EOS hazina. Ukikata kwa Space, yuniti ya PLT inakaa kolamu ya tatu ila ya WBC inasukumwa ya nne, na kipimo cha maneno mawili kama Total Bilirubin kinapasuka katikati.

Ila kinachoniuma zaidi ni renji ya EOS. Excel ikiona 1-6 inadhani tarehe, inakuandikia 1 Juni au 6 Januari kutegemea kompyuta imesetiwaje, na ukija kuibadilisha kuwa Text baadaye unapata namba ya tarakimu tano, renji yako imeshapotea. 150-400 haiguswi kwa sababu haiwezi kuwa tarehe, ndo maana mtu anatazama mistari ya juu anaona sawa anaendelea.

Mimi napitisha Notepad++ kwanza. Ctrl+H, chagua Regular expression, kwenye Find what:

```
^(.+?)\h+([<>]?[\d.]+)\h*([HL]?)\h+(\S+)\h+([\d.]+\h*-\h*[\d.]+)\h*$
```

Replace with:

```
$1\t$2\t$3\t$4\t$5
```

L au H inapata kolamu yake, isipokuwepo inabaki tupu na yuniti haisogei. Halafu kwenye Excel fomati kolamu ya tano, ile ya renji, kuwa Text KABLA ya kupesti.

bibi_mchicha
HGB 9.8 hiyo damu imeshuka, mpe mama mchicha na maini mwanangu.

mzee_wa_regex_tabora
Bibi hilo tumwachie daktari wake, hapa tunapanga jedwali tu.

nesi_urambo
Mimi yangu ilikuwa tofauti, PDF ina 10 yenye kile ki-3 kidogo juu, nikikopi inakuja 103/uL. Regex inapita vizuri tu na yuniti imeharibika. Kwa hiyo ukimaliza fungua PDF pembeni usome yuniti moja moja. Na ikiwa ni picha ya karatasi ndo angalia zaidi, nukta inaweza kupotea 9.8 ikawa 98.

dagaa_ujiji
Sawa nimeelewa hiyo ya tarehe. Lakini renji si ile ile kila mwezi, kwa nini asiiweke mara moja juu ya jedwali?

mzee_wa_regex_tabora
Akibadilisha maabara renji inaweza kubadilika, wengine wanaandika HGB 11.5-15.5, na wengine WBC wanatumia 10^9/L, ambayo namba yake ni ile ile lakini glukosi ya mmol/L na ya mg/dL hazilingani kabisa. Renji na yuniti zikae mstari mmoja na namba yake.

nesi_urambo
Hapo tuko pamoja, ila mimi renji naivunja kolamu mbili, ya chini na ya juu, tarehe hazitokei tena na naweza kuhakiki kama L kweli ni L.

mzee_wa_regex_tabora
Na renji ya CRP inayoandikwa <5.0 utaivunja vipi? Mimi naiacha nzima ilivyoandikwa.

nesi_urambo
Ya chini naacha tupu. Hatujakubaliana hapo mzee.

mama_pili_kasulu
Nimejaribu. Mistari 22, imekatika 19, mitatu imebaki vilevile haina tabu, nikaiona hapo hapo: CRP, INR isiyo na yuniti na BS iliyoandikwa No MPS seen. Hiyo mitatu nimeandika kwa mkono. EOS imebaki 1-6. Kolamu mbili au moja bado sijaamua, nasubiri majibu ya mwezi ujao.