Kubadilisha anga: Photoshop au GIMP, ikiwa madirisha na dimbwi bado vinaonyesha anga la zamani?

mpigapicha_unguja: Ndugu zangu, nimepiga picha ya nyumba ya wageni Mji Mkongwe mara tu mvua ilipokatika, na mwenyewe anataka anga la buluu. Nimetumia `Edit > Sky Replacement` ya Photoshop, na anga limekaa vizuri hata katikati ya majani ya mwarobaini, lakini madirisha na dimbwi la mbele vimebaki na kijivu kilekile. Niendelee nayo, au nihamie GIMP nifanye kwa mkono?

Salha: Kaka, hujasema madirisha yanaitazama kamera au yako ubavuni, wala upeo wa macho uko wapi katika picha.

kijana_wa_leya: Hayo hayana haja. Pindua anga jipya juu chini, libandike kwenye dimbwi na madirishani, lififishe kidogo, kazi imekwisha. GIMP inatosha.

mpigapicha_unguja: Madirisha yananitazama. Picha ina kimo cha pikseli 4,000. Upeo uko pikseli 1,600 kutoka juu, na dimbwi liko kati ya pikseli 1,700 na 2,100 chini ya upeo.

Salha: Kijana, kwa dimbwi umepatia nusu. Wingu huonekana majini chini ya upeo kwa umbali uleule lilio nao juu yake, kwa hiyo anga lipinduliwe kwenye mstari wa upeo, si kwenye ukingo wa dimbwi. Dimbwi hili linahitaji anga la pikseli 1,700 hadi 2,100 juu ya upeo, ilhali picha inaishia 1,600. Tafuta picha ya anga iliyo ndefu zaidi, na taswira ya paa iliyomo majini uiache kwa maski. Madirisha ni jambo jingine kabisa: yanaakisi anga lililokuwa nyuma yako, basi yape rangi na mwanga tu, usiyape mawingu yale yale.

Bi_Zuhura: Mimi huzungusha kichujio cha polaraizi mpaka mng'ao wa kioo upotee.

Salha: Dada, hicho hufungwa kabla ya kupiga, na picha imeshapigwa.

mzee_wa_lenzi: Niliwahi kubandika wingu moja lenye umbo la jembe juu ya paa la hoteli na katika madirisha yake sita. Mteja alilichapisha bango, kisha mgeni mmoja akasimama mbele yake akahesabu majembe saba kwa kidole. Nilirudia kazi yote bila malipo. Hata hivyo, naona tatizo lako kubwa ni vivuli: siku ya mawingu mazito ukuta hauna kivuli kikali, na anga la buluu litaonekana la uongo hata dimbwi likikaa sawa.

kijana_wa_leya: Vivuli huchorwa.

mzee_wa_lenzi: Chini ya kila roshani na kila tawi? Afadhali achague anga jeupe lenye mianya ya buluu.

Bi_Zuhura: Na mgeni atakayefika siku ya mvua?

mpigapicha_unguja: Nimepata anga refu, na dimbwi limekubali. Kuhusu buluu, mwenye nyumba bado anaikazania.