Naomba ushauri: nimeachishwa kazi, na pesa ya notisi nimeshasaini

Habari zenu wakuu. Nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala la mpunga hapa Tabora, miaka 3, mkataba wa kudumu. Magunia 6 yakapungua. Jumatatu saa kumi jioni nikapewa barua ya kikao cha nidhamu; kesho yake saa tatu asubuhi nikahojiwa peke yangu, mchana nikaachishwa. Najua kanuni zinataka nipewe angalau saa 48 za kujiandaa, na niruhusiwe kwenda na mwenzangu.

Nilipomlalamikia bosi, akanisogezea vocha ya siku 28 badala ya notisi. Nikasaini, kodi ya nyumba ilinibana. Leo siku ya 19, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea ndani ya siku 30.

Je, saini ile imenifungia mlango? Na upungufu ukithibitika, utaratibu mbovu peke yake unanibeba?