Naomba ushauri: tumeulizia bei kiholela kwa wauzaji watatu, nafanyaje ziwe ombi moja la kotesheni?

Mtunza Stoo
Wakuu, habari zenu. Ofisini tunahitaji karatasi za A4 za miezi mitatu. Kabla suala halijafika mezani kwangu, wenzangu watatu walishaulizia bei kwa simu, kila mmoja kwa muuzaji wake. Wa kwanza aliandika: "Karatasi za A4 mnauzaje?" Wa pili: "Tukichukua katoni 60 mtatupunguzia?" Wa tatu: "Gramu 80 zipo? Kuna mwenzenu ametupa bei nzuri," na akaitaja hiyo bei.

Sasa majibu ndiyo haya: mmoja katoa bei ya rimu, mwingine bei ya katoni yenye VAT ndani, wa tatu bei ya katoni bila usafiri, tena anasema ni ya leo tu. Mkuu wangu anataka barua moja iende kwa wote. Niiandikeje, na bei zilizokwisha kuja nizifanye nini?

Kalamu Nyekundu
Mbona rahisi. Katoni ina rimu 5. Zirudishe zote kwenye bei ya rimu moja, ondoa VAT, chukua ya chini. Barua ya nini tena?

Mama Manunuzi
Ndugu Kalamu, hesabu hiyo inafaa bidhaa ikiwa ni ile ile. Muuzaji wa kwanza hakuambiwa gramu wala idadi. Huenda katoa bei ya gramu 70, na bila shaka ni bei ya mtu anayenunua rimu moja moja. Ukigawanya hapo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Mtunza Stoo, zile jumbe usizirekebishe moja moja. Kaa na wenzako mkubaliane kwanza mnataka nini hasa: gramu ngapi, mzigo uje wote au kwa awamu, nani analipia usafiri, mtalipa lini. Mkishakubaliana, barua inakuwa fupi:

> YAH: OMBI LA KOTESHENI YA KARATASI ZA A4
>
> Tunaomba bei ya katoni 60 za karatasi nyeupe za A4, gramu 80 kwa mita ya mraba, zenye karatasi 500 kwa rimu na rimu 5 kwa katoni. Tafadhali tajeni chapa.
>
> Mzigo uletwe stoo kwetu kwa awamu tatu za katoni 20, mwanzoni mwa kila mwezi. Bei iwe ya katoni moja, pamoja na usafiri na kushusha. VAT ionyeshwe kwenye mstari wake.
>
> Kotesheni iwe hai kwa siku 30 tangu tarehe ya mwisho ya kuipokea, na bei isibadilike kwa awamu zote tatu. Tutalipa ndani ya siku 30 baada ya kupokea kila awamu na ankara yake.
>
> Majibu yatufikie kwa maandishi kabla ya saa 10 jioni, tarehe ____. Atakayeuliza swali, jibu tutalituma kwa wote.
>
> Barua hii inachukua nafasi ya maulizo yetu yote ya awali, na si agizo la kununua.

Angalia hiyo aya ya siku 30, maana hapo wengi huchanganya. Kotesheni kuwa hai ni muda mlio nao wa kuikubali. Bei kutobadilika ni jambo jingine, linahusu awamu za baadaye. Ukiandika la kwanza peke yake, awamu ya tatu inaweza kuja na bei mpya na usiwe na la kumshikia muuzaji.

Fundi Printa
Sisi tuliagiza wino tukataja chapa moja tu, wauzaji wawili wakakaa kimya kwa sababu hawakuwa nayo. Kwa hiyo hapo naona umefanya vizuri kuwaachia wataje wenyewe.

Mtunza Stoo
Asante sana Mama. Je, yule aliyeambiwa bei ya mwenzake? Nimtumie naye?

Mama Manunuzi
Mtumie, barua ile ile, siku ile ile. Wote wanaanza upya, na zile bei za simu msizitumie kwenye ulinganisho.

Kalamu Nyekundu
Gramu nimekubali, sikuzifikiria. Ila hapa sikubaliani. Yule bei ya mwenzake anaijua tayari, atashuka kidogo tu chini yake na kazi anaipata. Kusema "tunaanza upya" hakumfanyi asahau. Mimi ningemweka pembeni safari hii.

Mama Manunuzi
Hoja yako ina uzito, lakini kosa halikuwa lake. Mimi ningeongeza muuzaji wa nne ambaye hajasikia chochote, kisha mkuu wa Mtunza Stoo aamue. Liandikwe kwenye jalada kwamba bei ilitajwa, hilo lisifichwe.

Fundi Printa
Na mzigo ukifika, pima rimu moja kwenye mizani. Ya gramu 80 inakaribia kilo 2.5, ya gramu 70 ni kama kilo 2.2. Kifuniko kinaweza kuandikwa chochote.

Mtunza Stoo
Hiyo ya mizani naiingiza kwenye barua, kwamba tutapima wakati wa kupokea. La muuzaji wa tatu nalipeleka kwa mkuu kesho.