F110 imetupotezea punguzo la milioni, wiki iliyofuata ikakausha akaunti siku ya VAT, na konsalta anasema "mfumo uko sawa"

Karani wa Ilala

Wakuu, nimevumilia lakini sasa basi. Niko kwenye kitengo cha kulipa masapulaya, kampuni ya usambazaji hapa Dar. Tuna mfumo wa hesabu wa SAP, tunalipa kwa mkupuo kila Ijumaa kwa F110, skrini yake ya malipo. Kampuni iliyotufungia mfumo ilituachia mwongozo wa kurasa nane, na ukurasa wa tatu umeandikwa kwa wino mweusi kabisa: kwenye `Next p/date` weka tarehe ya kesho. Sio ombi, ni amri. Ndivyo anavyofanya kila anayekalia kile kiti.

Sasa sikilizeni. Kuna sapulaya anatupa 2% tukimlipa ndani ya siku 10, la sivyo siku 30 kamili. Ankara yake ya milioni 50 siku zake zinaanza Ijumaa tarehe 6 Juni. Punguzo linakwisha Jumatatu tarehe 16. Nimeendesha mkupuo Ijumaa tarehe 13, ankara ipo, imeidhinishwa, haina kizuizi chochote. Haikutoka! Tarehe 20 haikutoka. Tarehe 27 haikutoka. Tarehe 4 Julai haikutoka. Imekuja kutoka tarehe 11 Julai, milioni 50 kamili, punguzo hakuna, na tumechelewa siku tano juu yake. Sapulaya akatuandikia barua ya kutukumbusha adabu.

Nikasema hayo ni yake. Lakini tulipolalamika mara ya kwanza, wiki ile ile ya Juni, konsalta alijibu kwa simu: "Basi wekeni mwisho wa mwezi." Ijumaa tarehe 20 tukaweka 30 Juni. Hazina walikuwa wamepanga milioni 140 zitoke siku ile. Zikatoka milioni 390. Tarehe 20 ndiyo siku ya VAT, mnajua wenyewe. Akaunti ikabaki mifupa, bosi wa fedha akahangaika kutafuta ovadrafti saa tisa mchana huku TRA hawana habari na stori zetu.

Kikao kikaitishwa, konsalta akaja na laptop yake akafungua skrini akasema mfumo uko sawa, umefanya mlichouambia. Kwa hiyo wa kulaumiwa ni sisi tuliofuata mwongozo wake? Na hela ya matengenezo ya mwaka wanachukua.

Naomba mwenye kuijua hii kitu aniambie: mfumo wa mamilioni unashindwaje kuona punguzo linaloisha Jumatatu?

Fundi Seva

Pole mkuu. Hiyo naijua, ni FBZP, skrini ya mipangilio ya malipo. Kuna sehemu inaitwa `Tolerance days for payable`. Wekeni 5, tatizo limekwisha. Tarehe 20 ilikuwa siku nne tu baada ya punguzo kuisha, mngelichukua bila shida. Na kuna kiboksi cha `Max. cash discount`, ukikitia tiki linachukuliwa punguzo kubwa hata kama siku zimepita. Dakika mbili tu.

Mama Ankara

Halafu sapulaya anakubali? Sisi tulikitia tiki hicho kiboksi, tukaanza kupokea taarifa za hesabu zenye vijideni vya elfu themanini, laki mbili, kila mwezi. Mmoja akasimamisha mzigo mpaka tumalizie.

Msambazaji Mnyonge

Ndugu zangu wahasibu, mimi niko upande wa pili. Mnazungumzia punguzo wakati sisi tunawadai siku tisini? Nimepeleka mzigo tangu Machi kwa kampuni moja, kila nikipiga simu naambiwa "mfumo haujaitoa". Kumbe ni mtu anaandika tarehe ya kesho! Leo nimejifunza. Nipeni hiyo namba ya skrini nikawaonyeshe.

Karani wa Ilala

Mzee pole, lakini siku tisini sio hii habari. Hapo huenda ankara yako imefungiwa au haijaidhinishwa kabisa. Ulizia kama ina kizuizi cha malipo.

Mzee Leja

Karani, shusha pumzi nikueleze, maana konsalta wako amesema nusu ya kweli na nusu ile nyingine ndiyo aliyolipwa aiseme.

F110 imetengenezwa kuwa bahili. Kwa kila ankara inajiuliza swali moja tu: nikiiacha leo, mkupuo ujao bado nitaiwahi kwa masharti haya haya? Jibu likiwa ndiyo, inaiacha. Na "mkupuo ujao" kwake sio Ijumaa ijayo, ni tarehe uliyoandika kwenye `Next p/date`. Haiangalii kalenda yenu, haijui kwamba mnalipa Ijumaa.

Ichukue ankara yako. Tarehe 13 mmeiambia mkupuo ujao ni tarehe 14. Ikasema: kesho tarehe 14 punguzo bado lipo, mpaka 16, ya nini nitoe hela leo? Ikaiacha. Kesho haikuwepo. Tarehe 20 ikaikuta punguzo limekufa, kwa hiyo sasa inahesabu siku 30, yaani tarehe 6 Julai, ambayo ni Jumapili. Tarehe 4 Julai mkaiambia tena mkupuo ujao ni kesho, tarehe 5. Ikasema bado siku moja mbele, ngoja. Ndiyo maana ikaangukia 11. Kosa moja, limekukata mara mbili.

Mngeandika 20 siku ile ya 13, ingesema: tarehe 20 punguzo litakuwa limekwisha, lipa sasa. Milioni 49, tarehe 13.

Na ile ya 30 Juni ni ugonjwa ule ule kwa upande wa pili. Mliiambia hamtalipa tena mpaka tarehe 30, ikavuta kila kinachofika ukomo kabla ya hapo, pamoja na vya tarehe 27, 28, 29 ambavyo vingengoja mkupuo wa tarehe 27. Ilitii tu.

Kwa hiyo kinachoandikwa pale ni tarehe ya kweli ya mkupuo unaofuata. Kama Ijumaa ijayo ni sikukuu na mtalipa Jumatatu, andikeni hiyo Jumatatu.

Fundi Seva, siku za uvumilivu usimpe mtu kirahisi hivyo. Ukiweka 5, mashine inahesabu kila ukomo una siku tano za ziada, na kwa ubahili wake itazitumia. Masapulaya wote mnaowalipa kupitia kampuni ile wataanza kulipwa nyuma, hata wasio na punguzo.

Fundi Seva

Mzee nakuelewa, lakini bado naona FBZP ina jambo. Pale kwenye punguzo kuna asilimia ya chini. Kama wameweka 3, hii 2% inapuuzwa na ankara inasubiri siku 30 moja kwa moja. Waangalie kwanza.

Mzee Leja

Hapo umesema kweli. Karani, angalia.

Karani wa Ilala

Nimeangalia, pako tupu. Uvumilivu ni 0. Kwa hiyo ni tarehe tu, yaani mstari mmoja kwenye mwongozo. Nimeishiwa maneno.

Mzee, kinachoniuma zaidi: tarehe 13 tulichapisha pendekezo la malipo, tukapitia na orodha ya walioachwa, bosi akasaini. Mbona hiyo ankara hata kwenye walioachwa haikuwemo?

Mzee Leja

Kwa sababu orodha ile ni ya vilivyofika ukomo vikakwama: vina kizuizi, sapulaya hana njia ya malipo, na kadhalika. Ambacho mashine imeamua "bado" hakiandikwi popote kwenye pendekezo. Macho ya bosi hayana kosa hapo, karatasi yenyewe ilikuwa kimya.

Kabla ya kuendesha pendekezo, nenda `Additional Log`, tia tiki `Due date check`, taja masapulaya unaotaka kuwachungulia. Kisha soma logi. Itakuonyesha ankara moja moja, ukomo wake na sababu ya kuiacha. Ni ndefu, usiwataje wote. Na kila Alhamisi fungua FBL1N, orodha ya ankara za masapulaya, ongeza safu ya tarehe ya punguzo la kwanza, panga kwa tarehe hiyo. Chochote kinachoisha kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata na hakipo kwenye pendekezo, uliza.

Binti Hazina

Mimi nakaa upande wa kupanga fedha na nina ugomvi na uzi mzima. Mnashangilia punguzo kama hela ya bure. Milioni 49 ambazo zingetoka tarehe 13 badala ya milioni 50 tarehe 4 Julai ni siku 21. Kama ovadrafti yenu ni 16%, hizo siku zinakula kama laki nne na nusu, na punguzo ni milioni. Sawa, hapo mnafaidi. Lakini hiyo ni kama nafasi ya kukopa ipo. Ikiwa ovadrafti imejaa na tarehe 20 kuna VAT, mimi nitaliacha punguzo bila kujuta.

Swali langu kwa Karani: kwa nini mashine iliweza kutoa 390 wakati mpango ni 140? Kwenye FBZP kuna `Available Amounts`, kiasi kinachoruhusiwa kutoka kwa kila akaunti ya benki. Mmeweka ngapi?

Karani wa Ilala

Nimefungua sasa hivi. 999,999,999,999.

Binti Hazina

Nilijua. Mafundi wengi wanajaza hivyo siku ya kuwasha mfumo ili majaribio yapite, wanaondoka. Wekeni 140 kabla ya mkupuo.

Mzee Leja

Dada, wekeni, ila jueni inavyofanya kazi. Ile namba haina uhusiano na salio la benki, ni mtu anaiandika kwa mkono kila mkupuo, asipoandika inabaki ya wiki iliyopita. Na haigawi malipo. Sapulaya wa milioni 60 akikuta zimebaki 40, inatafuta akaunti nyingine yenye kutosha. Isipopata, haimlipi kabisa. Haitajiuliza nani ana punguzo na nani anaweza kungoja. Unaweza kubakiwa na hela na ukampoteza yule wa 2%.

Binti Hazina

Kama kizuizi cha mwisho inanitosha. Nani alipwe nitachagua mwenyewe kwenye pendekezo.

Mzee Leja

Ukiwa na mistari 40 utaweza. Ukiwa na 400, tutaonana Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Mama Ankara

Karani, kabla hujamrudia konsalta, angalia na siku 10 zinaanza kuhesabiwa lini. Sisi masharti yalichukua tarehe ya kuingiza ankara, sapulaya anahesabu tangu tarehe iliyoandikwa kwenye ankara yake. Ankara ikikaa mapokezi siku nne, mfumo unasema tumewahi, yeye anasema tumechelewa.

Karani wa Ilala

Duh. Yetu iliandikwa tarehe 4, tukaingiza tarehe 6. Kwa hesabu yake punguzo lilikuwa linaisha Jumamosi tarehe 14?

Mama Ankara

Mkataba unasemaje?

Karani wa Ilala

Unasema "ndani ya siku 10". Basi.