Mrejesho: kompyuta iliyogoma kwa nywila ya BIOS

"Wakuu, kompyuta ya mezani ya dukani kwangu hapa Majengo, Dodoma, inadai nywila ya BIOS kabla ya kuwaka. Nimeisahau. Nifanyeje?"

Asanteni sana wakuu, imewaka. Nilianza kwa kutoa ile betri ndogo ya duara kwenye ubao mama dakika 10, nikairudisha. Nywila ikadaiwa vilevile. Kumbe waya wa umeme ulikuwa bado umechomekwa, na taa ndogo ya kijani kwenye ubao huo ilikuwa inawaka: kumbukumbu inayotunza nywila ilikuwa inaendelea kupata umeme. Nikauchomoa, nikabonyeza swichi ya kuwashia mpaka taa ile ikafifia na kuzima.

Ndipo nikafuata ushauri wenu wa jampa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili za ubao. Kwenye pini tatu zilizoandikwa CLR_CMOS nilihamisha kifuniko hicho kutoka 1-2 kwenda 2-3 kwa sekunde 10, nikakirudisha kabla ya kuchomeka umeme. Nywila ikaondoka.

Ila Windows ikagoma na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu mipangilio ya BIOS nayo ilifutika, na SATA Mode, yaani namna ya kuwasiliana na diski, ilikuwa imerudi IDE. Nilipoiweka AHCI kama mwanzo, ikafunguka. Saa nimeirekebisha.

Kwa laptopu ya mdogo wangu, kutoa betri hakukusaidia. Fundi amesema nywila yake inakaa kwenye chipu isiyohitaji betri.